Nimeitwa kazini ualimu Nkasi na mzee anataka nishike duka, nimebakiwa na siku 12

BintiWaMakambako
Wakuu habari za jioni, naombeni mnisome hadi mwisho maana ni ndefu kidogo.

Mi nimemaliza chuo 2018, ualimu, Kiswahili na Jiografia. Nimeomba ajira kila zikitangazwa, nimejitolea sekondari moja ya kata mwaka mzima kwa elfu hamsini kwa mwezi ambayo nayo wakati mwingine haikutoka, mwisho nikachoka nikarudi nyumbani Makambako kumsaidia baba dukani. Duka la rejareja tu, sukari, mchele, unga wa ngano, mafuta ya kupima, sabuni, vocha, madaftari. Lipo tangu nikiwa darasa la pili, hilo duka ndo limenisomesha.

Sasa mwaka jana mzee akapata kiharusi. Kapona lakini mkono wa kulia haushiki vizuri, anakaa pale kwenye kreti la soda anaangalia, sabuni ya mche anataka aikate mwenyewe kwa uzi kama zamani, anashika uzi kwa mkono wa kushoto na mwingine anaung'ata na meno. Ukimwambia baba nipe nikate anakasirika. Kwaiyo duka nalishika mimi na kijana mmoja. Wadogo zangu wawili, mmoja kamaliza fomu foo anasubiri matokeo, mwingine yuko la sita. Kaka yupo Dar ana maisha yake.

Nikafanya usaili kule mkoani, mchujo wa kompyuta afu wa mahojiano, nikasahau kabisa. Juzi rafiki ananipigia, jina lako lipo kwenye walioitwa kazini! Nimepangiwa Nkasi, Rukwa. Barua inasema niripoti ndani ya siku 14 na mbili zishaenda.

Nikamwambia mzee. Akanyamaza kama dakika tano hivi afu akasema "Hili duka linaingiza karibu laki nne kwa siku, serikali itakulipa laki nne kwa siku?" Akaingia ndani. Mama analia tu. Kaka kasema nenda kazini, duka lifungwe, mzigo uuzwe. Mi sijui, naombeni mawazo.

Kamanda wa Kijiwe
Nenda kazini dada, ajira ya serikali ni ajira. Watu wapo mtaani tangu 2015 wanaitafuta hiyo, wewe unaleta uzi.

Dogo Mwl
Hongera sana dada! Samahani, kwenye mchujo walitoa maswali ya aina gani? Mi ni wa Kiswahili na Historia, kama una maswali naomba inboksi.

Mtumba Mkuu
Mi nakupinga we Kamanda. Laki nne kwa siku mara siku 30 ni milioni kumi na mbili! Mwalimu gani analipwa milioni kumi na mbili? Dada kaa dukani, ualimu ni utumwa.

Mangi Mstaafu
Mtumba, tulia baba. Laki nne kwa siku ni mauzo, siyo faida. Hapo ndo watoto wengi wanaorithi maduka wanapotelea.

Binti yangu, mi nimekaa kaunta miaka 31, nikaanza na kibanda cha mbao nikaishia kuuza jumla, sasa hivi nimekaa nyumbani magoti hayataki. Sikwambii uende wala ubaki. Nakuuliza tu, hilo duka limebakiza nini kwa mwezi? Siyo mzee anasemaje, wewe umeshawahi kulihesabu?

BintiWaMakambako
Shikamoo mzee wangu. Kusema ukweli hatujawahi. Mzee ana daftari la waliokopa na daftari la mzigo uliopungua basi, hela inaingia droo, ikijaa anaenda kununua mzigo.

Mangi Mstaafu
Marahaba mwanangu. Basi kabla hujaamua fanya hivi, na ufanye leo usiku maana una siku chache.

Fungeni duka saa mbili, hesabu kila kitu kilichomo ndani, na kila kitu ukiandike kwa bei mliyonunulia. Usiandike bei ya kuuzia, ukiandika ya kuuzia utajiona tajiri afu utalia baadaye. Mfuko ulioanzwa pima kilichobaki. Kilichooza, kilicholiwa na panya, kilichokaa miaka miwili hakuna anayekiuliza, weka pembeni kwenye karatasi yake. Hesabu hela iliyopo. Andika na deni mnalodaiwa na maduka ya jumla.

Kuanzia kesho kila mzigo unaoingia andika, kila shilingi ya mauzo andika hadi waliokopa, na kila kinachobebwa kwenda nyumbani andika hata kama ni kiberiti. Baada ya siku saba hesabu tena. Ulichoanza nacho, jumlisha ulichonunua, toa kilichobaki, hiyo ndo gharama ya mzigo uliotoka. Toa kilicholiwa nyumbani. Linganisha na mauzo. Tofauti yake ndo faida yako kabla ya pango na mengine. Hakuna uchawi.

TichaWaZiwani
Na mimi nikuongezee upande wa pili, nipo hukohuko Rukwa mwaka wa sita huu.

Ukiripoti unaanzia makao makuu ya halmashauri pale Namanyere, ndo wanakupa shule, inaweza kuwa palepale mjini au inaweza kuwa huku mwambao kama nilipo mimi. Unaanza na vyeti vyote halisi na nakala, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, akaunti ya benki, picha. Unajaza makaratasi, wanakuingiza kwenye mfumo, unapata cheki namba. Ukichelewa kuingia kabla hawajafunga mshahara wa mwezi huo basi unasubiri unaofuata. Mi nilikaa miezi miwili bila mshahara, nakula kwa mkopo kwenye duka la mama mmoja hapa kijijini, kwaiyo nakuelewa pande zote mbili haha. Hela ya kujikimu ya siku saba ipo lakini usiiwekee mahesabu kwamba utaikuta mezani siku ya kwanza. Njoo na hela ya miezi miwili.

Makato sasa. Mfuko wa pensheni asilimia 5, bima 3, chama cha walimu 2, na kama ulisoma kwa mkopo bodi wanachukua 15. Hiyo ni robo ya mshahara imeondoka kabla hata ya kodi yenyewe. Kwa digrii ukianza utashika laki tano na kitu mkononi. Ila inakuja kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, na mwajiri anakuwekea 15 nyingine kwenye pensheni ambayo dukani hakuna anayekuwekea.

Kubaya ni huku. Mwaka wa kwanza uko kwenye majaribio, mpaka uthibitishwe, na uhamisho usiuwaze kabla ya miaka mitatu, labda upate mtu wa kubadilishana naye. Sasa nani anatoka Makambako kuja mwambao wa Tanganyika? Kwaiyo ukija ujue ni miaka, siyo miezi.

Wanjiku wa Ruiru
Pole sana dadangu. Kwani TSC number ulipata lini? Wengi wanaanza na intern ya junior secondary, 20,000 kwa mwezi na bado wanakata.

TichaWaZiwani
Dada yangu hiyo ni TSC ya kwenu Kenya, ya kwetu ni Tume ya Utumishi wa Walimu, vifupisho vinafanana tu ila mambo tofauti kabisa. Hapa usaili wanafanya Sekretarieti ya Ajira.

Wanjiku wa Ruiru
Aaa sawa, nilidhani ni Kenya. Makambako nilifikiri ni Makadara 😂 Lakini kaa na babako, mzazi hana mwingine.

Sauti ya Jirani
Ukienda bodi ya mkopo wanakukata, ukibaki dukani hawakupati hahaha. Hilo nalo ni asilimia 15 umeokoa.

TichaWaZiwani
Hujaokoa kitu, deni linabaki palepale na jina lako. Aliyejiajiri naye anatakiwa alipe, kima chake ni laki moja kwa mwezi au asilimia kumi ya kipato, inayozidi. Ni vile tu hakuna wa kukukata moja kwa moja.

Mama Nasra
Mimi naomba niseme yangu, samahani kama natoka nje.

Mimi nilikuwa kama wewe, Tanga, duka la vitambaa la baba. Nimelishika miaka tisa. Kaka zangu wawili hawakuwahi hata kufagia. Leseni jina la baba, namba ya mlipakodi ya baba, mkataba wa fremu wa baba. Baba akafariki, Mungu amrehemu. Arobaini haijaisha kaka wanasema duka ni mirathi, ligawiwe. Nikasema sawa ni mirathi, lakini mzigo wa milioni nane nilioongeza mimi? Karatasi iko wapi? Sina. Nikapata sehemu yangu ya mtoto wa kike kama wenzangu, basi. Miaka tisa nilikuwa nakula na kuvaa nikidhani najijengea.

Kwaiyo mdogo wangu, mi siulizi duka linaingiza shilingi ngapi, nauliza la nani?

Mwanasheria wa Mezani
Hilo dogo tu, mzee aandike wosia kwamba duka ni la binti, kazi imeisha.

Karani Mstaafu wa Mahakama
Halijaisha ndugu. Wosia ni wa baada ya kifo, unapingwa, na Mwislamu hawezi kumwandikia mrithi wake duka zima wenzake wasiporidhia. Mzee yupo hai na akili zake timamu, kwanini wasubiri afe?

Nimekaa masjala miaka mingi, mashauri ya namna hii yalikuwa hayakauki, na yaliyokwenda vizuri ni yale ambayo mzee alikabidhi akiwa anaona. Mnakaa kikao cha familia, mzigo unahesabiwa, inaandikwa kwamba siku fulani duka lilikuwa na thamani kadhaa na hiyo ni ya mzee, binti analishika kuanzia leo, kinachoongezeka ni chake au wanagawana kwa kiasi gani. Mama anasaini, kaka anasaini, mashahidi wawili. Afu binti anachukua TIN yake, anakata leseni kwa jina lake, na mkataba wa pango unaandikwa upya na mwenye nyumba. Ile leseni ya mzee usiendelee kuitumia kama ya kwako, haihami yenyewe kwa kuwa wewe ni mwanaye.

Mtumba Mkuu
Lakini mtumishi wa umma haruhusiwi kufanya biashara, kwaiyo hawezi vyote viwili hata akitaka.

TichaWaZiwani
Nani kakwambia? Walimu wangapi wana maduka, bodaboda, mashamba. Anachokatazwa ni kuuza duka saa za kazi na kugonganisha biashara na kazi yake. Shida siyo sheria. Shida ni kilomita, kutoka hapa mpaka Makambako ni Sumbawanga, Tunduma, Mbeya, ndo uanze kutafuta Makambako. Likizo mbili kubwa kwa mwaka basi.

BintiWaMakambako
Nimewasoma wote asanteni. Mama Nasra umenitoa machozi. Jana usiku tumehesabu hadi saa nane, mimi, mdogo wangu na kijana. Mzee alikataa mwanzo, akasema unahesabu mali yangu nimekufa? Baadaye akaja mwenyewe na tochi anaonyesha vitu vya juu kabisa ambavyo hata mimi sikujua vipo. Katoni ya sindano za cherehani! Juisi za unga zimeganda zimekuwa jiwe. Madaftari ya zamani panya wametengenezea nyumba.

Siku zote anasema mtaji wake ni milioni kumi na mbili. Bei ya kununulia imetoka 6,430,000, na humo vilivyokufa ni kama laki saba. Droo na simu 410,000. Jumla tunadaiwa 1,250,000. Daftari la mikopo lina 1,870,000 ila mama kapitia jina kwa jina, huyu kahama, huyu marehemu, huyu ni shemeji, tumebaki na 640,000 ya watu wanaoweza kulipa kweli.

Mangi Mstaafu
Vizuri sana. Kwaiyo mtaji halisi ni milioni tano na laki tano na thelathini, siyo kumi na mbili. Usimwambie mzee hivyo kwa sauti, mwonyeshe tu karatasi. Yeye anahesabu ule mtaji wa mwaka ambao duka lilikuwa limejaa, kila mfanyabiashara ana mwaka wake wa namna hiyo kichwani.

Endelea na siku saba.

Dogo Mwl
Dada yale maswali bado sijayaona inboksi 🙏

Kamanda wa Kijiwe
Huu uzi umekuwa darasa la uhasibu sasa.

BintiWaMakambako
Nimerudi, leo ni siku ya kumi tangu barua ije. Majibu haya hapa, mnisahihishe.

Mauzo ya siku saba na waliokopa wakiwemo 2,540,000. Kwaiyo kwa siku ni laki tatu na sitini na kitu, mzee hakukosea sana. Nimenunua mzigo wa 2,115,000. Jana usiku kuhesabu tena imebaki 6,168,000. Kwaiyo uliotoka ni 2,377,000, humo nyumbani tumekula wa 66,000 (sabuni, sukari, mafuta, mchele, sikujua tunakula hivyo!!). Uliouzwa ni 2,311,000. Faida 229,000 kwa wiki.

Kwa mwezi nikipiga hivyohivyo ni laki tisa na themanini. Natoa pango 150,000, kijana 120,000, usafiri wa mzigo 60,000, umeme 35,000, mlinzi 20,000, TRA na leseni nikigawa kwa mwezi 50,000. Inabaki 545,000. Afu nyumbani tunakula ya 283,000. Inabaki laki mbili na sitini na kitu, na hapo dawa za mzee sijatoa.

Nimekaa nikaangalia ile karatasi. Na mimi mwenyewe simo kwenye hiyo hesabu.

Mangi Mstaafu
Umeona mwenyewe, mshahara wako haumo. Miaka yote hiyo duka limekuwa likionekana na faida kwa sababu mtu wa kaunta hakulipwa.

Lakini ngoja, usikimbilie kulidharau. Mambo mawili. La kwanza, wiki moja siyo mwaka. Huko kwenu wakulima wakiuza mahindi mauzo yanapanda, Januari ya ada yanalala. La pili ndo kubwa. Umepata faida asilimia tisa ya mauzo. Chukua bidhaa kumi zinazotoka sana, angalia unanunua ngapi na kuuza ngapi, zingetakiwa kukupa asilimia ngapi?

BintiWaMakambako
Nimepiga sasa hivi, inakuja kama 12 hivi.

Mangi Mstaafu
Basi kuna asilimia tatu hazionekani. Tatu ya 2,540,000 ni elfu sabini na sita kwa wiki. Kwa mwezi ni zaidi ya laki tatu, yaani inayopotea ni nyingi kuliko inayokubakia. Hapo kuna mtu, au kuna panya, au kuna mizani. Anza na mizani maana mizani haigombi. Chukua pakiti ya chumvi ya kilo moja ambayo haijafunguliwa, ipandishe.

BintiWaMakambako
Mzee Mangi!!! Imesoma gramu 960. Nikachukua nyingine, 960. Kishale chenyewe mizani ikiwa tupu kinakaa chini ya sifuri.

Mangi Mstaafu
Ndiyo hivyo. Kila ukimpimia mtu kilo unampa na gramu arobaini za bure. Mfuko wa sukari wa kilo hamsini unakutolea kilo arobaini na nane. Unanunua shilingi ngapi?

BintiWaMakambako
135,000, tunauza 3,000 kilo.

Mangi Mstaafu
Ulitakiwa upate faida 15,000, unapata 9,000. Na mchele hivyohivyo, unga hivyohivyo. Wateja wanakupenda kwelikweli hapo. Peleka Wakala wa Vipimo waikague waibandike stika, hiyo ni kila mwaka, na ingekuwa imekosea upande wa pili wangekupiga faini.

Sauti ya Jirani
🤣🤣🤣 kumbe duka la bei nafuu mjini Makambako ndo hili

BintiWaMakambako
Nimemwonyesha mzee pakiti ya chumvi. Akaipandisha mwenyewe mara tatu na mkono wa kushoto. Akasema mizani ilianguka siku ile alivyoanguka yeye. Hakusema tena kitu siku nzima.

Mama Nasra
Jamani 😔

Mangi Mstaafu
Mizani haiwezi kumaliza elfu sabini na sita zote lakini, maana siyo kila kitu mnapima. Kadiria elfu thelathini hivi. Zilizobaki angalia punguzo wanalopewa majirani na hela inayotoka droo bila kuandikwa, kabla hujamnyooshea kidole kijana wa watu.

TichaWaZiwani
Sasa dada nikuwekee mahesabu ya upande huu ukiyaweka sambamba. Mi nashika laki tano na nusu baada ya kila kitu. Chumba huku elfu thelathini hadi hamsini, chakula nikijibana laki na nusu, samaki rahisi ila mboga na nyanya ghali kuliko mjini. Naweza kutuma nyumbani laki mbili na hamsini nikiwa na nidhamu. Ambayo ukiangalia ni karibu sawa na kile duka linachowalisha nyumbani kwenu.

Kwaiyo kwangu swali siyo mshahara au duka. Swali ni, ukiondoka duka linasimama au linaanguka? Likisimama familia ina vitu viwili. Likianguka umebadilisha kimoja kwa kingine afu uko mbali na mgonjwa.

Kaka wa Dar siyo yeye lakini
Mi naona kaka mtu kasema kweli, uzeni. Milioni tano uweke kwenye kitu kingine, kilimo cha parachichi huko Njombe kinalipa.

Mangi Mstaafu
Parachichi lina miaka mitatu minne ndo uanze kuchuma. Watakula nini hiyo miaka mitatu? Na duka likiuzwa kwa haraka mzigo unaenda kwa nusu bei, hiyo tano itakuwa tatu.

Mwl Mstaafu Iringa
Mwanangu, mimi nimefundisha miaka 34. Naona wote mnaongelea hela. Nikuulize, darasani ulipokuwa unajitolea ulipenda?

BintiWaMakambako
Shikamoo mwalimu. Nilipenda. Nilikuwa na fomu tuu wawili hawajui kusoma vizuri, nikawa nabaki nao saa tisa nawasomesha kwa maandishi ya kwenye mifuko ya unga na karatasi za sabuni maana vitabu havikutosha. Mmoja alikuja dukani mwezi uliopita kununua vocha, anaendesha bodaboda, akasoma lile tangazo letu la "Lipa leo kopa kesho" lote kwa sauti afu akacheka.

Lakini na dukani napenda mwalimu. Hilo ndo tatizo. Ningekuwa nalichukia ingekuwa rahisi.

Karani Mstaafu wa Mahakama
Kikao mmefanya? Zimebaki siku ngapi?

BintiWaMakambako
Tumefanya jana, kaka alikuwa kwenye simu imewekwa spika juu ya kaunta. Mzee amekubali hesabu iwekwe kwenye karatasi ila amekataa leseni ibadilishwe jina. Anasema akibadilisha ni kama anazikwa. Kaka naye hataki kusaini kitu chochote "kwa simu". Mama akasaini, baba mdogo akasaini kama shahidi. Kwaiyo karatasi ipo nusu.

Karani Mstaafu wa Mahakama
Nusu ni bora kuliko ya Mama Nasra. Piga picha, na nakala moja aishike mtu asiye mtoto wa hiyo nyumba.

Mtumba Mkuu
Sasa unaenda au huendi? Tunamaliza bando hapa.

BintiWaMakambako
Naandika hii nikiwa stendi Tunduma nasubiri gari ya Sumbawanga, siku ya 13. Kaunta nimemwachia mdogo wangu wa fomu foo. Mizani imekaguliwa. Daftari jipya nimelichora mistari minne, mauzo, mzigo, nyumbani, droo, na kila Jumapili ananitumia picha kwa wasap. Mkopo tumesimamisha isipokuwa mama wa maandazi maana anachukua ngano mfuko mzima na analipa.

Sijui kama nitakaa. Ticha anasema miezi miwili bila mshahara, nimebeba laki tatu na nusu na kilo kumi za mchele wa dukani, nimeziandika kwenye mstari wa nyumbani. Nimesoma pia kwamba mtu akiacha kazi kwa notisi ya saa 24 analipa mshahara wa mwezi mmoja, nimeuweka huo kichwani kama bei ya kurudi. Mzee hakunisindikiza stendi. Asubuhi nilimkuta kashafungua duka, anajaribu kukata mche wa sabuni, nikashika uzi upande mmoja yeye akavuta upande wa pili.

Mangi Mstaafu
Safari njema binti. Wiki ya nne mdogo wako ahesabu mzigo wote tena, usimkubalie akikwambia amekadiria. Ikitoka chini ya asilimia kumi na mizani ishatengenezwa, niite hapa.

TichaWaZiwani
Ukifika Namanyere nitumie ujumbe, nakuja Ijumaa kufuatilia malimbikizo yangu. Mwombe afisa elimu kwa heshima kama kuna shule ya karibu na lami. Usipomwomba unakuja huku kwangu, karibu sana, tuna uhaba wa Kiswahili ila mtandao unapatikana chini ya mwembe mmoja tu.

Sauti ya Jirani
Na mimi namba za duka naomba, kabla wateja hawajajua mizani imetengenezwa.

Dogo Mwl
Dada safari njema. Gari ikitulia nitumie hata swali moja tu la mchujo.